Kuomba pasipoti ukiwa Unguja au Pemba: sawazisha majina yako kabla ya kufungua fomu

Maombi mengi ya pasipoti yanayokwama hapa visiwani hayakwami kwa sababu ya ada, wala kwa sababu mtu hajui kujaza fomu ya mtandaoni. Yanakwama kwa sababu karatasi za mwombaji hazisemi kitu kimoja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed, kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Mohamed, na NIDA wameandika Muhamadi. Mtu mwenyewe anajijua kuwa ni yule yule, na mtaa mzima unamjua, lakini afisa wa Uhamiaji anaona watu watatu na hana ruhusa ya kukisia.

Mwongozo huu ni wa Mzanzibari mtu mzima anayeomba pasipoti ya kawaida kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa nitaitumia kwenye kazi inayofanyika kabla ya fomu, kwa sababu hapo ndipo ombi linapopita au linapoanguka. Fomu yenyewe ni kazi ya saa moja.

Nani anatoa, na kwa bei gani

Uhamiaji ni jambo la Muungano. Pasipoti ya Mzanzibari ni ile ile ya Mtanzania mwingine yeyote, inatolewa na Idara ya Uhamiaji, kwa masharti yale yale na ada ile ile. Unguja kuna Afisi Kuu ya Uhamiaji Zanzibar, na Pemba zipo afisi za mikoa miwili, ya Kaskazini na ya Kusini. Tangu mwaka 2018 kinachotolewa ni pasipoti ya kielektroniki, yenye chipu inayohifadhi picha na alama za vidole, na pasipoti ya kawaida ya mtu mzima hudumu miaka 10.

Ada ni shilingi 150,000. Hailipwi kwa mkupuo. Kwanza unalipa 20,000 unapojaza fomu, kisha 130,000 wakati ombi limeshapokelewa na kuendelea. Malipo yote mawili yanapita kwa kontrol namba inayotolewa na mfumo wenyewe, unailipia benki au kwa simu, na risiti inabaki kwako. Hakuna afisa anayepokea fedha hizo mkononi. Mtu akikuambia umpe laki mbili "akusukumie", hizo zinazozidi si za Serikali, na ombi lako halitapata cheti cha kuzaliwa ambacho wewe mwenyewe huna.

Zipo gharama za pembeni ambazo watu husahau kuzihesabu: picha, kutoa nakala, kuskani, wakili wa kiapo, na nauli ya kwenda na kurudi afisini. Kwa mtu wa Micheweni au Makangale nauli peke yake si jambo dogo, na hiyo ni sababu nyengine ya kuhakikisha karatasi zimekamilika kabla ya kutoka nyumbani.

Karatasi zinazotakiwa, na kila moja inathibitisha nini

Ukielewa kila karatasi inajibu swali gani, utajua mwenyewe ipi ina kasoro.

Cheti chako cha kuzaliwa kinajibu swali la wewe ni nani, umezaliwa wapi na lini, na wazazi wako ni nani. Kwa aliyezaliwa Unguja au Pemba kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na afisi zake zipo wilayani. Aliyezaliwa Bara anatumia cheti cha RITA, hata kama ameishi Unguja maisha yake yote.

Cheti cha kuzaliwa cha mzazi kinajibu swali jengine kabisa: uraia wako umetoka wapi. Kwa utaratibu wa Uhamiaji, kuzaliwa ndani ya mipaka hakutoshi peke yake. Wanataka kuona mzazi aliye raia. Ndiyo maana afisa anataka kumwona baba au mama yako kwenye karatasi, hata kama wewe una miaka 50 na mzazi ameshafariki. Mzazi asiye na cheti, kama walivyo wazee wengi waliozaliwa majumbani kabla ya Mapinduzi, hutolewa kiapo cha kuzaliwa. Mzazi aliyekuwa mgeni akapewa uraia, cheti chake cha uraia wa tajnisi ndicho kinachotumika.

Namba ya NIDA inajibu swali la kama Taifa limeshakutambua. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina kazi yake hapa na kibebe, lakini fomu inaitaka namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Ukiwa huna, anzia huko.

Picha iwe ya karibuni, yenye mandhari ya bluu hafifu, na uso wote uonekane kuanzia paji la uso hadi kidevu. Ushungi hauna tatizo madhali haukati uso, nikabu inavuliwa. Studio nyingi za mjini wanaijua picha hii ukiwaambia ni ya pasipoti ya Tanzania. Usikubali ile nyeupe, ambayo mara nyingi ni ya viza.

Mwisho ni ushahidi wa safari au wa shughuli inayokupeleka nje. Mwanafunzi ana barua ya kukubaliwa chuoni. Mfanyabiashara ana leseni yake. Mfanyakazi ana barua ya mwajiri. Anayekwenda kutibiwa ana barua ya hospitali, na anayemtembelea ndugu ana barua ya mwaliko pamoja na nakala ya pasipoti au ukaazi wa mwenyeji. Anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni awe na mkataba uliopita kwenye mamlaka za kazi hapa Zanzibar. Asiubabaishe kwa kusema anakwenda kutembea. Maelezo hayo yakigunduliwa si ya kweli yanaharibu ombi zima, na kusema uongo kwenye maombi ya pasipoti ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Safari ya mwaka 2002.

Barua ya sheha haimo kwenye orodha ya kila mtu, lakini ichukue. Inasaidia pale afisa anapotaka kujua unaishi wapi na unajulikana na nani, na utaihitaji hata hivyo kama kuna jina la kusahihisha.

Kazi yenyewe: laza karatasi mezani

Chukua cheti chako, cheti au kiapo cha mzazi, kitambulisho cha Mzanzibari, na kadi au namba ya NIDA. Zilaze pamoja, kisha andika kwenye karatasi nyengine mambo manne kutoka kila moja: jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, na majina ya wazazi. Soma herufi kwa herufi. Usisome kwa mazoea, kwa sababu jicho lililolizoea jina haliioni herufi iliyopungua.

Makosa ya visiwani yana sura zake. La kwanza ni herufi: Khamis na Hamis, Omar na Omari, Said na Saidi, Mwanaisha na Mwanaasha. La pili ni jina la nyumbani kuingia kwenye kitambulisho, ambapo mtu cheti chake kinasema Fatma lakini maisha yote ameitwa Time. La tatu ni jina la babu. Sisi tunaandika jina la mtu, la baba, kisha la babu, lakini wapo waliotumia skuli jina la ukoo mahali pa babu na likawafuata mpaka NIDA. Kwa wanawake wetu kuna nafuu moja: wengi hawabadilishi jina wanapoolewa, kwa hivyo jina la mume halitakiwi kuonekana popote. Likionekana, ulizia liliingiaje.

Tarehe ya kuzaliwa ina njia rahisi ya kuikagua. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 19910101 inasema umezaliwa tarehe 1 Januari 1991. Cheti kikisema 12 Machi 1991, umeshaiona kasoro kabla afisa hajaiona. Hiyo tarehe 1 Januari inawatokea wengi, kwa sababu mtu alipoulizwa siku ya kujiandikisha alitaja mwaka tu.

Mfano wa kutoka Wete

Tumchukue dada wa kubuni, tumwite Fatma Faki Hamad, wa Wete, anayetaka kwenda Maskati kumsaidia dada yake aliyejifungua. Analaza karatasi zake na kuona hivi. Cheti cha kuzaliwa: Fatma Faki Hamad, 12 Machi 1991. Kitambulisho cha Mzanzibari: vivyo hivyo. NIDA: Time Faki Hamadi, na namba inaanza na 19910101. Baba yake alizaliwa Kojani, ameshafariki, na hakuwahi kuwa na cheti. Mama yake yupo hai, naye hana cheti pia.

Swali la kwanza la Fatma ni karatasi ipi ifuatwe na zipi zirekebishwe. Jibu karibu siku zote ni cheti cha kuzaliwa, ikiwa kiliandikwa karibu na siku ya kuzaliwa na kinakubaliana na vyeti vya skuli. Cheti ndicho mzizi, na vitambulisho vimetokana nacho. Kwa hivyo hapaswi kwenda kubadilisha cheti ili kifanane na NIDA, ingawa njia hiyo inaweza kuonekana fupi. Akifanya hivyo atakuwa ameharibu karatasi mbili zilizo sahihi ili aifuate moja yenye kosa, na vyeti vyake vya skuli vitaanza kumkana.

Kwa hivyo Fatma anakwenda afisi ya NIDA ya wilaya. Anabeba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha skuli, barua ya sheha, na kiapo cha majina kilichoapwa mbele ya wakili kikieleza kuwa Time na Fatma ni mtu mmoja na kwamba jina sahihi ni Fatma. Anaomba marekebisho ya jina na ya tarehe kwa pamoja, asiende mara mbili. Ajiandae kwa maswali zaidi kwenye tarehe kuliko kwenye jina, kwa kuwa kubadilisha umri kunagusa mambo mengi. Cheti cha skuli kinampa nguvu hapo, kwa sababu kiliandikwa zamani, kabla hajawa na haja ya pasipoti.

Wengi huuliza kama kiapo cha majina hakitoshi peke yake, wakaacha kuisumbua NIDA. Kwa herufi moja, kama Hamad na Hamadi, mara nyengine afisa wa Uhamiaji hukipokea. Kwa jina tofauti kabisa na tarehe tofauti, mimi ningemshauri asithubutu. Kiapo kinaeleza kosa lakini hakiliondoi kwenye kumbukumbu, na pasipoti itakayotoka itagongana na NIDA kila atakapokwenda benki au kuomba viza.

Sasa upande wa wazazi. Baba amefariki bila cheti, mama yupo. Njia nyepesi ni mama: aape mwenyewe kiapo cha kuzaliwa, akitaja jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti cha Fatma, mwaka na kijiji alichozaliwa, uraia wake, na kwamba Fatma ni mwanawe. Aambatishe nakala ya kitambulisho chake. Lile la "kama lilivyo kwenye cheti" ndilo la kulishikilia. Cheti cha Fatma kikiandika mama ni Bimkubwa Ali Juma na kitambulisho cha mama kikasema Mkubwa Ali Juma, kiapo kitaje majina yote mawili. Vyenginevyo tatizo lililotolewa kwa mtoto litakuwa limehamia kwa mama.

Kama wazazi wote wangekuwa wamefariki, kiapo kingeapwa na ndugu mkubwa aliyewajua, ami au shangazi, na umri wake uwe unaruhusu kuyajua anayoyasema. Mtu aliyezaliwa 1980 hawezi kuapa juu ya kuzaliwa kwa mtu wa 1952.

Ushahidi wa safari wa Fatma ni barua ya dada yake, nakala ya ukaazi wa dada huko Omani, na nakala ya pasipoti yake. Na hapa cheti cha kuzaliwa cha Fatma kinafanya kazi ya pili: jina la baba kwake na kwa dada linaonyesha udugu wao.

Fomu na siku ya afisini

Ukishasawazisha, ingia www.immigration.go.tz na ufuate kiungo cha maombi ya pasipoti. Anwani za Serikali ya Tanzania zinaishia na .go.tz, ukurasa wenye mwisho mwengine unaokutaka namba ya NIDA na fedha, ufunge. Jaza ukiwa na karatasi mbele yako, uandike kama zilivyo, nukta kwa nukta. Weka namba ya simu na barua pepe zako mwenyewe, si za kijana wa duka la mtandao aliyekusaidia. Taarifa za ombi zinakuja huko, na wapo waliosubiri bila kujua kuwa wameitwa siku nyingi.

Mfumo utakupa namba ya ombi. Iandike mahali pawili, kwa sababu ndiyo inayokurudisha kwenye fomu ukikatikiwa na mtandao au umeme. Skani viambatisho kwa mashine ikiwezekana. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu chini ya taa huwa na kivuli, na muhuri usiosomeka unahesabiwa kuwa haupo. Ukimaliza, lipa 20,000, chapisha fomu, isome upya, kisha kamilisha sahihi zote zinazotakiwa ndani yake.

Afisini unakwenda mwenyewe. Hakuna wa kukuwakilisha, kwa kuwa unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole na sahihi. Beba karatasi halisi pamoja na nakala. Afisa atakuuliza maswali, na mengine yatakuwa mepesi kiasi cha kukushangaza: babu yako mzaa mama ni nani, umesoma skuli gani, sheha wako nani. Usiyachukulie kuwa dharau. Anapima kama mtu aliye mbele yake na karatasi zinatoka nyumba moja. Jibu unalolijua, na usilolijua sema hulijui. Jibu la kubahatisha ndilo linalozaa swali la pili.

Mtoto chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya wazazi ya maandishi pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Wazazi wakiwa wameachana na mmoja hapatikani au anakataa, usijaribu kuandika barua kwa niaba yake. Nenda mahakamani uombe amri kuhusu malezi, uiambatishe.

Ombi likikataliwa au likisimama

Tofautisha mambo mawili. Kusimama maana yake kuna kitu kimepungua: kiapo hakina muhuri, picha haifai, barua ya mwaliko haina tarehe. Hapo rudi na kilichopungua kwa namba ile ile ya ombi. Usifungue ombi jipya na kulipa 20,000 nyengine, kwani maombi mawili ya mtu mmoja yanazua shaka mpya.

Kukataliwa kwa kweli hutokana zaidi na uraia au udanganyifu. Familia zetu zina damu ya Omani, Yemeni na Ngazija, na hilo peke yake si kosa. Shida inakuja pale mtu mzima alipochukua uraia wa nchi nyengine. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na aliyeapa kuwa raia kwengine kwa hiari yake ameuacha uraia wa Tanzania. Huyo hasaidiwi na cheti cha kuzaliwa cha Mnazimmoja hata kikiwa halisi. Kwa udanganyifu, cheti cha kughushi hakiishii kwenye kukataliwa, bali kinafikishwa polisi, na aliyekuuzia hatakuwepo siku hiyo.

Kwa hali yoyote uliza sababu kwa upole, na omba uandikiwe karatasi gani hasa inatakiwa. Neno "kamilisha viambatisho" halikutoshi. Unataka kujua ni kiapo cha nani na kiseme nini. Kama kuna msiba au mgonjwa na safari haingoji, ulizia hati ya dharura ya safari. Ni ya muda mfupi na haikubaliwi na kila nchi, kwa hivyo thibitisha na ubalozi wa unakokwenda kabla ya kukata tiketi.

Ombi likipita unalipa zile 130,000 na kuitwa kuchukua. Ukikabidhiwa, usiitie mfukoni. Simama hapo hapo dirishani, fungua ukurasa wa picha, ulinganishe jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa na cheti chako, herufi kwa herufi. Kosa lililogunduliwa dirishani huonyeshwa pale pale kwa aliyekukabidhi, akiwa bado ana faili lako. Likigunduliwa uwanja wa ndege Kisauni, safari imeshapotea.